Kitabu kimoja, lugha mbili, jioni nne: mwongozo wa kusoma kwa sauti nyumbani

Muhula uliopita jarida hili la shule lilikuwa na sentensi moja iliyowekwa ndani ya kisanduku: "Mzazi, tafadhali msomee mtoto wako kwa sauti kila siku, kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili." Mimi ndiye niliyeiandika, na nilidhani nimemaliza kazi. Wiki mbili baadaye mama mmoja alinisimamisha langoni akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwalimu," alisema, "kitabu ulichompa ni cha Kiswahili, na nyumbani kwetu ni Kigiriama. Nikisoma sentensi moja kisha nikaitafsiri, mtoto asinzia kabla hatujafika ukurasa wa tatu. Hizo lugha mbili nizisome vipi?"

Mwongozo huu ni jibu nililochelewa kumpa. Umekusudiwa familia zenye watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ambazo zina kitabu kimoja kifupi cha Kiswahili na hazina kitabu chochote cha lugha ya nyumbani, na ambazo huenda mtu mzima aliye karibu zaidi na mtoto jioni hajui kusoma. Hali hiyo ndiyo ya nyumba nyingi tunazozihudumia, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Utaratibu wenyewe unachukua jioni nne, dakika kumi hadi kumi na tano kila jioni, na kitabu ni kilekile kwa jioni zote nne.

Hadithi tutakayoitumia

Ili tusizungumze hewani, tumeandika hadithi fupi ya kurasa nane, na mtoto wako ameletewa nakala yenye picha. Maneno yake ni haya, sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa:

1. Kila Jumamosi bibi hukaanga mahamri.
2. Leo ameyaweka kwenye sinia, nje, yapoe.
3. Kunguru mmoja anatazama kutoka juu ya mwembe.
4. Bibi anaingia ndani kuchukua mbaazi.
5. Kunguru anashuka, anachukua hamri moja, anaruka.
6. Hamri lina moto! Linamponyoka, linaanguka mchangani.
7. Bibi anatoka, anahesabu mahamri yake, anacheka.
8. "Kunguru," anasema, "ungengoja yapoe, kama sisi."

Kitabu kingine chochote chenye urefu kama huu kitafaa. Kwa mtoto wa Gredi ya 1 au ya 2, chagua kitabu cha kurasa nane hadi kumi na sita, chenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na picha inayoonyesha kile kinachosemwa. Picha ikiwa pambo tu, yaani ikionyesha mtoto anayetabasamu huku maneno yakieleza safari ya baharini, jioni ya kwanza ya utaratibu huu haitafanikiwa.

Kabla ya kuanza, yule atakayesoma aisome hadithi yote kwa sauti akiwa peke yake, mara moja. Anaweza kuwa mama, baba, mjomba au ndugu aliye Gredi ya 6. Watu wazima wengi huruka hatua hii kwa sababu hadithi ni fupi, kisha hukwama kwenye neno kama "ungengoja" mbele ya mtoto na kuona haya. Msomaji akishalitamka mara moja faraghani, halimsumbui tena.

Kuhusu saa, chagueni wakati ambao tayari watu huwa wamekaa pamoja. Nyumba nyingi zimeona inafaa baada ya mtoto kurudi madrasa na kuoga, wakati chakula kiko jikoni. Baada ya kula mtoto huwa ameshalemewa na usingizi, na dakika kumi na tano hugeuka kuwa adhabu.

Jioni ya kwanza: picha tu, kwa lugha ya mama

Jioni hii maandishi hayasomwi kabisa. Mtu mzima, hasa asiyejua kusoma, hukaa na mtoto na kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, nao huzungumza kuhusu picha kwa lugha ya nyumbani. Ikiwa ni Kigiriama, basi ni Kigiriama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni Kikamba, Kidigo, Kiluo au Kisomali, vivyo hivyo.

Tunaanza hivi kwa sababu mtoto anayesikia maneno ya Kiswahili kwa mara ya kwanza huwa na kazi mbili kwa pamoja. Inambidi aelewe kilichotokea, na papo hapo ayatambue maneno yenyewe. Akiwa tayari anajua kwamba kunguru aliiba hamri, kwamba hamri lilikuwa na moto na kwamba bibi alicheka badala ya kukasirika, kazi inayobaki jioni ya pili ni moja tu. Hatakuwa tena akijaribu kujua hadithi inahusu nini; atakuwa akisubiri kusikia jinsi Kiswahili kinavyosema jambo ambalo yeye analijua.

Uliza maswali ya aina tatu, na usiulize mengi. La kwanza ni la jicho: ni nini hiki, ni nani huyu? La pili ni la sababu: kwa nini kunguru ameliachilia hamri? La tatu humleta mtoto nyumbani kwake: kunguru walituibia nini hapa kwetu? Kwa kitabu cha kurasa nane, maswali matano au sita yanatosha jioni nzima, na swali la tatu ndilo linalozaa maneno mengi kuliko yote. Mjini Mombasa, sidhani kuna nyumba isiyokuwa na kisa chake cha kunguru.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu polepole moyoni hadi tano kabla ya kusema chochote. Ni kimya kirefu kuliko tulivyozoea, na mtu mzima huwa na hamu ya kukijaza. Lakini mtoto wa miaka saba anayetunga sentensi huuhitaji muda huo. Ukimjibia swali mara mbili mfululizo, la tatu hatalishughulikia, kwa kuwa ameshajua jibu litakuja lenyewe.

Akijibu kwa neno moja, lipokee kisha umrudishie likiwa limerefuka. Akisema "moto", mwambie, kwa lugha yenu, kwamba naam, hamri lilikuwa na moto na likamchoma kunguru. Usimwambie "sema sentensi kamili". Atayatumia maneno uliyomwongezea kesho au keshokutwa bila kuamrishwa.

Jioni ya pili: Kiswahili, bila kukatiza

Leo hadithi inasomwa kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi ukurasa wa nane bila kutafsiri neno lolote. Huu ndio ushauri ambao wazazi huupinga zaidi, nami naelewa kwa nini. Kusoma sentensi kwa Kiswahili na kuifasiri papo hapo huonekana kama huruma. Lakini mtazame mtoto macho yake wakati unapofanya hivyo. Ukisoma Kiswahili, macho hutangatanga kwenye mlango au kwenye simu. Ukianza lugha ya mama, hurudi kwenye ukurasa. Ameshatambua kwamba kila sentensi itamjia tena katika lugha iliyo rahisi kwake, na kwa hiyo ile ya kwanza haina haja ya kusikilizwa. Mkiendelea hivyo mwezi mzima atazijua hadithi nyingi kwa lugha ya mama, na Kiswahili kitakuwa kelele inayotangulia hadithi.

Soma polepole kidogo kuliko unavyozungumza, huku kidole kikipita chini ya maneno. Kidole kina kazi yake: kinamwonyesha mtoto kwamba sauti inatoka kwenye maandishi, haitoki kwenye picha, na kwamba maandishi hayo huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mtoto anayejifunza Kurani jambo hili si dogo, maana kule mistari huanzia kulia, na nimeona watoto wawili watatu wa Gredi ya 1 waliokuwa wakitafuta mwanzo wa mstari upande usio wake. Hilo ni jambo la kawaida, na linajirekebisha haraka kwa msaada wa kidole.

Ukipenda, fungua kwa "Paukwa!" na umwache mtoto aitike "Pakawa!" Mwito huo unamwambia kwamba sasa tunaingia kwenye Kiswahili cha hadithi, na watoto wenye lugha nyingine nyumbani huupenda upesi sana.

Mtoto akikuuliza maana ya neno katikati ya ukurasa, onyesha picha kwa kidole na uendelee. "Anashuka" inaonekana, "sinia" inaonekana. Neno lisiloonekana kwenye picha, mwambie utalieleza kesho, kisha kesho ulieleze kweli.

Jioni ya tatu: kusoma tena, na kusimama mahali patatu

Hadithi ileile husomwa tena kwa Kiswahili. Watu wazima huona uchovu kurudia, watoto hawaoni. Mara hii, hata hivyo, msomaji anasimama mahali patatu alipopachagua mapema, na kila aliposimama neno moja la Kiswahili linawekwa kando ya neno la nyumbani.

Kwa hadithi yetu ningechagua "macho" kwenye picha ya kunguru anayetazama, "mchanga" katika ukurasa wa sita, na "anacheka" katika ukurasa wa saba. Nimeyachagua kwa makusudi. Katika Kigiriama macho ni *matso*, mchanga ni *mutsanga* na kucheka ni *kutseka*. Mtoto akiyasikia yakiwa yamepangwa hivyo, anagundua mwenyewe kwamba pale Kigiriama kinaposema *ts*, mara nyingi Kiswahili husema *ch*. Hahitaji kuambiwa kanuni. Mtoto mmoja darasani kwangu, baada ya kuisikia mifano hiyo mitatu, aliniuliza kama basi *madzi* na maji ni ndugu pia. Ni ndugu, na *dzuwa* na jua vilevile.

Lugha ambazo ni za mbali zaidi na Kiswahili, kama Kiluo, haziwezi kulinganishwa kwa sauti hivi. Huko maneno matatu huwekwa pamoja kwa maana tu, nayo inatosha. Jambo la kushikilia ni idadi: maneno matatu, siyo kumi. Ukisimama katika kila ukurasa, hadithi inageuka kuwa somo la msamiati na mtoto hataki kuiona tena siku ya nne.

Jioni ya nne: mtoto anasimulia

Jioni ya mwisho kitabu kinabaki kwenye mapaja ya mtoto, naye anasimulia kwa lugha ya mama akimwelekea mtu ambaye hakuwepo siku zilizopita, au anayejifanya hakuwepo. Bibi ndiye msikilizaji bora, kwa kuwa ana subira na kwa kuwa huuliza maswali ya kweli.

Yule anayejua kuandika aandike chini ya kila picha, kwa penseli na kwenye nakala yetu tu, sentensi moja ambayo mtoto amesema. Aiandike jinsi ilivyotamkwa. Wazazi wengi huogopa hatua hii kwa hoja kwamba hawajui tahajia sahihi ya lugha yao. Andika kama sikio linavyosikia, ukitumia herufi tunazotumia kwa Kiswahili, na kwa Kigiriama ukiongeza *ts* na *dz* mahali zinaposikika. Tutarekebisha pamoja baadaye kama kuna haja. Kinachotakiwa leo ni mtoto aone sentensi yake mwenyewe ikigeuka maandishi, kisha msomaji aisome kwa kidole jinsi alivyofanya kwa Kiswahili. Mkimaliza, kitabu kimoja kina lugha mbili, na nyumba isiyokuwa na kitabu cha lugha ya mama sasa inacho.

Malizieni kwa kukisoma kizima kwa Kiswahili mara ya mwisho. Kufikia hapo watoto wengi huwa wanakimbilia kuitaja sentensi ya hamri kumponyoka kunguru kabla msomaji hajaifikia. Mwacheni mtoto aiseme.

Ilivyokuwa katika nyumba moja ya Mishomoroni

Kwa ruhusa ya familia, nilikaa jioni zote nne katika nyumba moja huko Mishomoroni. Mama huuza viazi karai na hurudi saa moja kasoro. Bibi, mzungumzaji wa Kigiriama, hajapata kusoma. Kaka yuko Gredi ya 6, na msichana tunayemzungumzia yuko Gredi ya 2.

Jioni ya kwanza bibi alishika kitabu na kusema yeye hajui kusoma, akataka kumpa mjukuu wa kiume. Tulimwomba aangalie picha tu. Alikaa na ukurasa wa kwanza peke yake kama dakika nne, akimweleza mtoto jinsi anavyotia tui na iliki kwenye unga, na kwamba huyo bibi wa kwenye picha ameweka mafuta machache mno. Nilitamani kumharakisha nikajizuia, na nilifanya vyema, kwa kuwa msichana aliuliza katika dakika hizo maswali mengi kuliko aliyowahi kuniuliza darasani kwa wiki nzima.

Jioni ya pili kaka alisoma. Alisoma kwa kasi kama anayeshindana, na kufikia ukurasa wa tano msichana alikuwa ameshaanza kuchezea mkeka. Mama alimwambia arudie kuanzia mwanzo, "kama mtu anayemwambia bibi habari". Mara ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Kosa kama hili ni la kawaida kwa wasomaji wadogo, maana kusoma kwa kasi ndiko wanakodhani ni kusoma vizuri, na dawa yake ni kumpa msomaji mtu wa kumsomea.

Jioni ya tatu ilikuwa na matatizo zaidi. Token za umeme ziliisha, wakasoma kwa tochi ya simu, na kaka akaanza kumtahini dada yake: "Mchanga ni nini? Haya, sema! Na sinia?" Sauti ya msichana ikashuka kila alipojibu hadi akawa anatikisa kichwa tu. Sauti inayofifia ndiyo dalili ya kwanza kwamba usomaji umegeuka mtihani, nayo huja kabla ya machozi na kabla ya mtoto kusema hataki. Bibi ndiye aliyeokoa jioni ile. Alisema *mutsanga*, akagusa sakafu mlangoni palipokuwa na mchanga, akanyamaza. Msichana akasema, "Mchanga." Waliyafanya maneno mawili tu, si matatu, na hilo halikuharibu chochote.

Jioni ya nne msichana alimsimulia mama. Picha ya sita aliitungia sentensi ndefu iliyokuwa na sababu ndani yake: kunguru ameangusha hamri kwa sababu lina moto na yeye hana mikono ya kulipulizia. Maneno hayo ya mwisho hayamo kitabuni. Kaka aliyaandika kwa Kigiriama, akafuta mara mbili, bibi akiwa anamrekebisha kwa sauti bila ya kuona herufi hata moja.

Lugha ya nyumbani ikiwa ni Kiswahili cha Mombasa

Kuna familia, hasa za Mji wa Kale na jirani zake, ambazo zitaona mwongozo huu hauwahusu kwa kuwa lugha yao ya mama ni Kiswahili. Unawahusu. Kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika papa hapa Mombasa, jambo ambalo wazee wa Kimvita hawajalisahau hadi leo. Mtoto wa Kimvita nyumbani husikia *mato*, *mtanga* na *kuteka* pale kitabu kinaposema macho, mchanga na kucheka.

Utaratibu ni uleule: jioni ya kwanza na ya nne zungumzeni Kimvita chenu, jioni ya pili na ya tatu somo lisomwe kama lilivyoandikwa. Msomaji asibadilishe "anacheka" ikawa "anateka" wakati kidole kiko kwenye maandishi, kwa sababu mtoto anayejifunza herufi ataona *ch* na kusikia *t*. Wala asimkosoe bibi anaposimulia kwa Kimvita, maana bibi hajakosea. Mkifika kwenye neno hili kuna mchezo mzuri: katika kitabu, "kuteka" ni kuteka maji kisimani. Mwenye sikio la Kimvita huzitofautisha *t* hizo mbili kwa ulimi, ile ya kucheka ikigusa meno na ile ya maji ikigusa ufizi, lakini maandishi huziandika sawa. Mwulize mtoto bibi wa kwenye hadithi alikuwa akifanya lipi.

Mambo mawili ambayo wazazi huuliza zaidi

La kwanza ni la mtoto anayeulizwa kwa lugha ya mama naye akajibu kwa Kiswahili. Kwa watoto waliozaliwa mjini hili ni la kila siku. Usimlazimishe, na usimwambie kwamba amesahau kwao. Lirudie jibu lake kwa lugha ya mama, lirefushe, kisha endelea na lugha hiyo. Anayeelewa lugha bila kuizungumza anahitaji kwanza kuisikia mara nyingi mahali asipochekwa, na huanza kuchanganya maneno ya lugha hiyo kidogokidogo katika jioni ya nne kabla ya jioni nyingine yoyote.

La pili ni la wazazi wenye lugha mbili tofauti, kwa mfano mama Mkamba na baba Mtaita. Msichanganye lugha zote ndani ya jioni moja. Hadithi ya wiki hii jioni za lugha ya mama ziwe za mama, hadithi ijayo ziwe za baba, na Kiswahili kibaki mahali pake katikati. Ikiwa mmoja wenu anafanya kazi mbali na jioni hayupo, anaweza kusimulia hadithi kwa ujumbe wa sauti wa simu baada ya kutumiwa picha za kurasa. Bibi aliye Kaloleni au Ganze anaweza kufanya hivyo pia, ila mtu awe amekaa na mtoto kufungua kurasa wakati ujumbe unasikilizwa, la sivyo mtoto husikiliza sekunde ishirini na kuondoka.

Mwongozo huu hauwezi kufanya nini

Kusoma kwa sauti hakumfundishi mtoto silabi. Kunampa maneno, mpangilio wa hadithi na sababu ya kutaka kujua kilichoandikwa. Lakini kuunganisha *m* na *a* kuwa *ma* ni kazi ya darasani. Mtoto wa Gredi ya 3 ambaye bado hawezi kusoma maneno ya silabi mbili kama "bibi" au "moto" aletwe kwa mwalimu wake mapema, wala msingoje hadithi zimsaidie. Vivyo hivyo mtoto anayekisogeza kitabu hadi karibu na pua, au anayetazama midomo yako badala ya picha kila unaposema, apelekwe kupimwa macho au masikio. Katika hali hizo mbili shida si lugha, na kubadilisha lugha hakutaitatua.

Hadithi ijayo na kikaratasi cha kurudisha

Hadithi moja hutosha kwa wiki moja, na kila baada ya wiki mbili tutatuma nyingine. Anayetaka zaidi anaweza kuuliza katika maktaba ya umma mjini Mombasa, au kufungua africanstorybook.org kwenye simu, ambako kuna hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Afrika. Zinapakuliwa na kuchapishwa bila malipo, na hata kutafsiriwa zinaruhusiwa, kwa hiyo sentensi za jioni ya nne zina mahali pa kwenda zikikamilika. Ukikuta hadithi ya lugha yenu, isome kwanza wewe mwenyewe, kwa kuwa tafsiri nyingine ni za lahaja ya mbali na yenu.

Kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya nakala kina maswali matatu tu: mmetumia lugha gani jioni ya kwanza na ya nne, ni nani aliyesimulia, na sentensi gani moja mtoto aliisema ambayo haimo kitabuni. Sentensi hiyo iandikeni kwa lugha iliyosemwa. Asiyejua kuandika amtume mtoto aje aniambie kwa mdomo, nami nitaiandika mbele yake. Vikaratasi virudi shuleni kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, na nakala yenye penseli ibaki nyumbani.